Saa 48 nilizoomba mkongo ulipokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, saa 4 na dakika 40 asubuhi, nilikaa mezani nyumbani Tabata kupakia nyaraka zangu za maombi ya shahada ya uzamili. Nilikuwa naomba kusoma usimamizi wa rasilimali za maji katika chuo kimoja cha Ulaya ambacho sitakitaja jina. Dirisha lilikuwa linafungwa kesho yake, Jumatatu, saa 17:00 kwa saa za Ulaya ya Kati. Mwezi wa tano wao huwa nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa 12 jioni. Barua ya maelezo yangu ilikuwa tayari, transkripti zilikuwa tayari, pasipoti ilishaingia kwenye mfumo. Zilibaki faili tatu na barua ya mapendekezo ya mwalimu wangu mmoja aliyeko Mwanza.

Faili ya kwanza ilianza kupanda, ikafika robo, ikasimama. Nikabadilisha laini, nikanunua bando jingine, ikasimama palepale. Hadi adhuhuri majirani wote walikuwa wanaulizana kama ni simu zao tu au ni nchi nzima. Baadaye siku hiyo waziri mwenye dhamana ya habari na teknolojia, Nape Nnauye, alitoa taarifa kwamba kuna hitilafu kwenye mikongo ya baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo yenyewe ilikuwa EASSy na Seacom, na yote miwili inatua Dar es Salaam. Ilipokatika pamoja, zilibaki njia chache nyembamba ambazo kila mtu alizigombania.

Kilichoniokoa siku ile ni kosa nililolifanya miaka mitano kabla, na lazima nianze nalo.

Mwaka 2019 niliomba nafasi kama hiyo kwingine. Wiki mbili kabla ya mwisho wa kutuma maombi, baba alilazwa Songea. Nilisafiri, nikauguza, tukamzika. Niliporudi Dar dirisha lilikuwa limefungwa siku tisa. Nikakaa usiku mmoja nikaandika barua pepe ndefu sana. Nilieleza baba alivyokuwa, jinsi alivyonisomesha kwa kahawa ya shamba la ekari mbili, jinsi alivyotaka nisome zaidi. Mwishoni nikaomba "wanifikirie". Jibu lilikuja baada ya siku tatu, mistari minne, ya pole na ya kukataa: maombi yameshaanza kupitiwa, na hakuna kumbukumbu ya taarifa yoyote kutoka kwangu kabla ya dirisha kufungwa.

Nilichukia kwa muda mrefu. Niliona wamenipima kama karatasi. Lakini kila nilipoirudia barua ile niliona kwamba kila neno ndani yake lilikuwa kweli, na bado haikuwa na kitu kimoja ambacho afisa angeweza kukishika. Sikutaja tarehe baba alipolazwa. Sikutaja tarehe ya kifo. Sikutaja namba ya ombi langu. Sikusema naomba siku ngapi. Wala sikuambatisha chochote, ilhali kibali cha mazishi kilichotolewa hospitali siku ileile, chenye jina la marehemu, tarehe na muhuri, kilikuwepo. Baba mdogo alikishika mkononi njia nzima hadi makaburini. Cheti cha kifo cha RITA huchukua muda na mtu hawezi kukisubiri, lakini kibali cha mazishi kinakuwepo kabla ya maziko, na kukipiga picha kwa simu ni dakika moja. Siku ile hakuna aliyefikiria, na mimi simlaumu yeyote. Mtu aliyefiwa na baba yake hafikirii karatasi.

Kwa hiyo Jumapili ile ya Mei 2024, faili ilipokwama mara ya pili, jambo la kwanza nililofanya ni kuchukua simu na kuipiga picha kompyuta. Niliipiga nzima, kuanzia anwani ya ukurasa juu hadi saa na tarehe kule chini kwenye kona. Wengi hupiga lile boksi la kosa peke yake, na boksi peke yake halisemi ni mfumo gani wala ni saa ngapi. Kisha niliandika maneno ya kosa kama yalivyo:

```
ERR_CONNECTION_TIMED_OUT
```

Maneno haya yana uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu yanasema tatizo liko upande gani. Haya yana maana kwamba kompyuta yangu iliita na haikupata jibu, yaani mara nyingi njia ya kufika kwao ndiyo mbaya. Ingekuwa `504 Gateway Timeout`, ningekuwa nimefika mlangoni kwao na seva zao ndizo zimeshindwa kuelewana, na hapo ungekuwa mzigo wao. Dada mmoja kazini alinishauri niandike kwamba mfumo wao umeharibika, "watakuongeza haraka". Nilikataa. Mafundi wao wanaona kumbukumbu za mfumo, na waombaji wa nchi nyingine walikuwa wanaingia bila shida. Ningeanza ombi langu kwa jambo ambalo afisa angelikanusha kwa dakika mbili.

Nilirudia kujaribu saa 7 na dakika 35 mchana, na tena saa 2 na dakika 20 usiku, kila mara na picha yake. Majaribio matatu yaliyoachana kwa saa kadhaa yanaonyesha kwamba sikujaribu mara moja nikaacha. Na yanaonyesha kwamba nilianza siku moja kabla. Afisa yeyote anayepokea maombi ya kuongezewa muda anajiuliza jambo hilo kwanza: huyu tatizo limemkuta akiwa njiani, au alikuwa hajaanza kabisa?

Sasa tatizo likawa kuandika. Mtu anaombaje muda kwa barua pepe wakati barua pepe yenyewe haiendi? Hapa nilijifunza kitu ambacho sikukijua. Siku ile mtandao haukufa kabisa. Ulikuwa unafungua dakika chache, unafunga. Faili ya megabaiti 3 haikupita, lakini ujumbe wa maandishi matupu ni kilobaiti chache tu, na ulikuwa na nafasi ya kupenya. Nikaondoa kila kitu kizito. Niliondoa hata ile nembo ya ofisi inayojiweka yenyewe chini ya jina langu. Picha za ushahidi niliziacha zote, nikasema nitazituma baadaye. Nilibonyeza kutuma saa 4 usiku, ukakaa kwenye foleni, ukatoka saa 5 na dakika 12. Nilikuwa macho nikiutazama.

Niliandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ulikuwa hivi, isipokuwa namba na jina la programu ambavyo nimeviondoa:

"Kuh: Ombi namba (…), kuomba saa 48 kwa sababu ya kukatika kwa mikongo ya intaneti Tanzania.

Ndugu Afisa wa Udahili,

Ninaomba kuongezewa muda wa kukamilisha ombi langu kutoka Jumatatu tarehe 13 Mei saa 17:00 hadi Jumatano tarehe 15 Mei saa 17:00, kwa saa zenu.

Tangu asubuhi ya leo tarehe 12 Mei mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ina hitilafu, na intaneti Tanzania imezorota nchi nzima. Nimejaribu kupakia faili saa 10:40, 13:35 na 20:20 kwa saa za Dar es Salaam bila kufanikiwa. Ninazo picha za kila jaribio, na nitazituma pamoja na taarifa ya serikali mara mtandao utakaporuhusu kiambatisho.

Sehemu zote za fomu zimejazwa. Zimebaki faili tatu ambazo ziko tayari, na barua ya mapendekezo ya mwalimu mmoja ambaye naye yuko Tanzania na ana tatizo hilihili. Ninaomba muda wake pia uongezwe hadi saa hiyo hiyo.

Naomba pia kujua kama muda huu, ukikubaliwa, utaniacha kwenye orodha ya wanaofikiriwa kwa ufadhili.

Nitajaribu kuwasilisha kabla ya muda wa awali iwapo mtandao utarudi."

Ni hayo tu. Sikueleza ndoto zangu. Zilikuwa ndani ya barua ya maelezo, na mahali pake ni pale.

Yapo mambo mawili katika ujumbe huo ambayo nataka kuyaeleza, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa sana na vijana wanaokuja kwangu.

La kwanza ni zile saa 48. Mama yangu mkubwa, ambaye alifanya kazi ya masijala wizarani hadi alipostaafu, aliniambia siku nyingi kwamba karani ana kitu anachoweza kukiamua mwenyewe na kitu anachopaswa kukipeleka juu, na ukimwomba cha pili umemwongezea foleni. Chuo kile kilikuwa kimeandika kwenye ukurasa wao kwamba maombi yataanza kupitiwa wiki inayofuata. Kukiwa na siku mbili tu, ombi langu lingekuwa bado limefika kabla kamati haijakaa, na hakuna aliyekuwa amenitangulia kwa kusomwa. Ningeomba wiki nzima, ningeingia ndani ya siku za kamati, na hapo afisa angehitaji idhini ya mtu mwingine. Halafu nilitaja siku na saa. "Siku chache" ni neno ambalo mtu wa upande wa pili hawezi kuliingiza kwenye mfumo. Anayefungua dirisha kwa ajili ya mwombaji mmoja anajaza kisanduku cha tarehe na saa, na ukimpa tarehe na saa umemkamilishia nusu ya kazi.

Nilitumia pia mfumo wa saa 24, nikisema ni saa za wapi. Sisi tunaosema saa 4 asubuhi tukiwa na saa ya simu inayosoma 10:40 tuna hatari ya kuchanganya mara mbili: mara moja kutoka Kiswahili kwenda kwenye skrini, mara ya pili kutoka Dar kwenda Ulaya. Namjua kijana aliyeandikiwa mwisho ni 23:59 kwa saa za huko, akajiona ana muda hadi saa 6 usiku, wakati kiangazi cha kwao kingempa hadi karibu saa 7 usiku. Huyo alikuwa na bahati, alikosea upande wa heri. Ukigeuza hesabu hiyo, umekosa.

La pili ni lile swali la ufadhili, na hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua. Udahili na ufadhili vinaweza kuonekana ni ombi moja kwenye skrini, na bado vikawa na wenye mamlaka wawili tofauti. Chuo kinaweza kukuongezea muda wa udahili kwa moyo mweupe, ilhali mfadhili ana tarehe yake ambayo chuo hakina uwezo nayo. Usipouliza, unakuja kugundua mwezi wa saba kwamba umepata nafasi na huna ada.

Wakati huohuo nilifanya jambo jingine ambalo halikusaidia. Ujumbe wa simu wa kawaida ulikuwa unafanya kazi, kwa hiyo jioni ile nilimtumia binti wa mama mdogo aliyeko Muscat. Yeye ana mtandao mzuri. Nilimwomba aniandikie chuo kwa niaba yangu, akaandika mara moja, kwa upendo, kutoka anwani yake. Kesho yake alijibiwa kwamba hawawezi kujadili ombi la mtu mwingine naye. Ulaya ina sheria kali ya taarifa binafsi inayotumika tangu 2018, na ofisi ya udahili haithubutu hata kuthibitisha kama jina fulani liko kwenye orodha yao. Ujumbe unaohesabika ni ule unaotoka kwenye anwani uliyojisajilia. Lakini alinisaidia kwa jambo lingine: alitafuta habari za kukatika kwa mikongo katika vyombo vya Kiingereza na taarifa za NetBlocks, shirika linalofuatilia hali ya intaneti duniani, lililokuwa limeonyesha Tanzania miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Akanitumia viungo vyake kwa ujumbe wa simu, kimoja kimoja. Taarifa ya waziri kwa Kiswahili ilikuwa na uzito kwangu. Afisa yule angehitaji kitu anachoweza kukisoma mwenyewe.

Jumatatu ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulitangaza kufunga huduma zake kwa umma kwa sababu ya mtandao. Nililiongeza hilo kwenye ujumbe wa pili, ambao ulipenya mchana pamoja na picha mbili nilizozipunguza ukubwa. Ushahidi wa nchi nzima unasema tatizo lilikuwepo. Picha za skrini zinasema lilinikuta mimi, kwenye ombi lile, saa zile. Kimoja bila kingine kinaacha swali. Mtu aliyekaa Dar siku ile bila hata kufungua mfumo angeweza kuleta habari ile ile ya gazeti.

Jibu lilikuwa limeandikwa saa 11:40 kwa saa zao. Mimi nililiona saa 9 alasiri, kwa sababu hadi wakati huo simu ilikuwa inazungusha duara tu. Afisa alisema muda umeongezwa hadi Jumatano saa 17:00, akaandika kwamba ameweka ujumbe wangu kwenye faili, na kwamba tarehe ya mfadhili ni ya mwisho wa wiki ile, hivyo haiguswi mradi nikamilishe ndani ya muda huo mpya.

Nilidhani kazi imekwisha. Saa 12 na dakika 5 jioni nikaufungua mfumo, na ukurasa wa kwanza ukaniambia maombi yamefungwa. Moyo ulinishuka. Nilikaa nusu saa nikiamini kwamba afisa amesahau. Kumbe ukurasa ule wa mbele huandikwa kwa ajili ya wote, na mlango wangu ulikuwa ndani: ukiingia kwa jina lako la mtumiaji na kufungua ombi lenyewe, kitufe cha `Submit` kilikuwa bado kiko hai. Ukiongezewa muda, usisome tangazo la nje. Ingia hadi ndani ya ombi, angalia kama kitufe kinabonyezeka, na kama hakibonyezeki mwandikie afisa papo hapo, katika mlolongo uleule wa barua pepe, ukiwa na muda mbele yako.

Faili zangu zilipanda Jumanne, saa 10 alfajiri, watu wakiwa wamelala na njia ikiwa na nafasi. Lakini mwalimu wangu wa Mwanza alipiga simu asubuhi akasema kiungo alichotumiwa na mfumo kinamwambia muda wake umepita. Hilo nalo ni mlango wa peke yake. Kiungo cha mwandishi wa barua ya mapendekezo kina tarehe yake ya kufa, na kuongezewa muda mwombaji hakukihuishi. Nilikuwa nimeliomba kwenye ujumbe wa kwanza, afisa akalikubali, ila utekelezaji ulihitaji mtu abonyeze kutuma kiungo upya. Niliandika mistari miwili nikitaja jina la mwalimu na anwani yake. Kiungo kipya kilimfikia saa 8 mchana.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "nimeshaandika, lakini hii kitu inazunguka tu."

"Mwalimu, usiizime. Iache izunguke, usiguse chochote."

Niliendelea na kazi, nikapanda daladala ya kurudi nyumbani. Tulikuwa tumekwama Buguruni, jua linazama, abiria wamebanana hadi mlangoni, simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa barua pepe ya mfumo, ile inayojituma yenyewe: ombi namba fulani limekamilika, nyaraka zote zimepokelewa, tarehe 14 Mei 2024. Niliipiga picha nzima, pamoja na saa yake juu, nikaiweka kwenye folda ileile ya zile nyingine. Kisha nikampigia mwalimu kumwambia sasa anaweza kuizima kompyuta.